Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wafasiri

Ndugu wanachama,

Asalaam aleikum na habari za siku nyingi, hasa kwenu ambao mara ya mwisho tulionana kwenye mkutano kama huu mwaka jana.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Tumefasiri makala 23 za elimu kutoka Kiindonesia kwenda Kiingereza, tumekutana mara nne, na tumewapokea wanachama wapya watatu waliorudi kutoka masomoni Yogyakarta na Malang. Wanachama tuko 41. Waliolipa ada ni 17. Kikao cha mwezi wa saba, nilichokiandaa mwenyewe hadi chai na maandazi, kilihudhuriwa na watu tisa, na wawili kati yao waliondoka baada ya chai.

Sasa niingie kwenye suala ambalo najua ndilo lililowaleta wengi leo: uamuzi wangu wa kumrudishia mteja nusu ya malipo. Nimesikia maneno mengi pembeni. Afadhali niyaseme hapa mbele yenu.

Mteja ni mwalimu wa shule ya msingi huko Java, aliyefanya utafiti wa darasani, ule Waindonesia wanaouita PTK. Mnajua unavyokwenda: mwalimu anapanga, anatekeleza, anachunguza, anatafakari, kisha anarudia mzunguko wa pili. Darasa lake la nne lilikuwa na wanafunzi 32, na alijaribu kufundisha ufahamu wa kusoma kwa majadiliano ya vikundi. Kabla ya kuanza, waliofikia alama ya chini inayotakiwa, yaani KKM, ambayo kwake ni 70, walikuwa 12. Baada ya mzunguko wa kwanza wakawa 19, na baada ya wa pili 27. Tafsiri kamili ilifika maneno 7,400, na jarida alilolilenga halipokei zaidi ya 6,000. Akatuomba tupunguze.

Mfasiri wetu alipunguza 1,500, na sehemu kubwa ya kazi ile naitetea hata leo. Makala ilifungua na maana ya neno elimu kama ilivyo katika Sheria Na. 20 ya 2003 ya Indonesia, ikanukuliwa yote. Ikafuata misururu ya "menurut" fulani na "sedangkan menurut" fulani, kila mtaalamu na maana yake, ilhali mwandishi alitumia moja tu kwenye uchambuzi. Ikabaki hiyo moja, maneno 650 yakaondoka. Mengine 400 yalikuwa yanasimulia jedwali mstari kwa mstari, wakati jedwali lenyewe lipo juu ya ukurasa. Na 300 hivi yalikuwa tungo za mazoea. Mfano ni "berdasarkan hasil penelitian yang telah dilakukan oleh peneliti, dapat disimpulkan bahwa", maneno 11 yaliyotokea mara sita, ambayo mara nyingi yanatoshelezwa na "matokeo yanaonyesha". Kuna pia "agar supaya", ambayo ni sawa na "ili kusudi" yetu, na "hanya" inayofungwa na "saja" kama sisi tunavyosema "pekee tu". Hapo hakuna wa kulalamika.

Tatizo liko kwenye maneno 150 yaliyobaki.

Katika tafakuri ya mzunguko wa kwanza mwandishi aliandika kwamba mwalimu bado anatawala mazungumzo ya darasa. Katika tafakuri ya mzunguko wa pili akaandika sentensi ileile, neno kwa neno. Mfasiri akaona hiyo ni nakala iliyobandikwa. Simlaumu sana, maana kwenye makala za PTK mzunguko wa pili mara nyingi hunakiliwa kutoka wa kwanza na kubadilishwa tarakimu tu. Akaifuta. Mbele kidogo, kwenye mjadala, akakuta "meskipun demikian", yaani "hata hivyo", ambayo sasa haikuwa na kitu cha kukipinga. Ilining'inia hewani. Badala ya kujiuliza mguu wake umekwenda wapi, akaifuta nayo. Hatimaye akafika kwenye "diduga dapat meningkatkan", yaani njia hiyo inadhaniwa kuwa inaweza kuinua alama. Akaona "diduga" na "dapat" ni adabu za Kiindonesia tu, akaandika kwamba njia hiyo iliinua alama.

Sasa tazameni. Mwandishi alikuwa anasema: alama zimepanda kutoka 12 hadi 27, lakini mwalimu hakuacha kutawala mazungumzo hata katika mzunguko wa pili, hivyo siwezi kudai kwamba majadiliano ya vikundi pekee ndiyo yaliyozipandisha. Hiyo ndiyo hoja yake, na imesimama juu ya sentensi iliyoonekana ya marudio. Makala yetu ya Kiingereza ikamfanya ajisifu. Mhakiki wa jarida akauliza madai makubwa hivyo yanatoka wapi, na mwandishi akafungua nakala yake akakuta maneno si yake.

Liko na suala la "pembelajaran". Mwandishi alibadilisha "siswa", "peserta didik" na "anak" bila mpango, na ni sawa kuchagua neno moja tu la mwanafunzi. Lakini "pembelajaran" sheria ileile ya 2003 inaieleza kama mwingiliano wa mwanafunzi, mwalimu na vyanzo vya kujifunzia. Sisi tuliweka kote neno la kujifunza tu, mwalimu akatoweka, katika makala inayomzungumzia mwalimu asiyenyamaza!

Wapo wanaosema mwenyekiti ndiye aliyeipitisha. Saini ni yangu, sikatai. Lakini nililetewa saa nne usiku, na waliopaswa kulinganisha nakala mbili ni kamati ya uhariri, ambayo siku hiyo haikuwa na akidi kwa sababu ambazo wahusika wanazijua. Nilichofanya ni kukaa nayo siku mbili, peke yangu, nikarudisha maneno 60: sentensi ya mzunguko wa pili, "hata hivyo" yake, na tahadhari ya mwandishi. "Pembelajaran" nikaibadilisha kuwa kufundisha na kujifunza pale mwalimu alipohusika. Makala ikasimama kwenye maneno 5,970, bado chini ya kikomo. Nusu ya malipo nikaagiza irudishwe. Mhazini alipinga, na pingamizi lake limo kwenye kumbukumbu za kikao.

Pia nimeweka utaratibu ambao baadhi yenu mmeuita ukiritimba. Kabla ya kufuta, mfasiri aandike pembeni mwa kila aya, kwa mstari mmoja, aya hiyo inafanya kazi gani katika hoja. Akifuta sentensi, asome mbele atafute "hata hivyo", "kwa hiyo" au "kama ilivyoelezwa" iliyobaki bila mguu. Akiipata, airudishe sentensi. Na orodha ya vilivyofutwa imfikie mwandishi kabla ya makala kwenda jaridani. Inaongeza siku moja ya kazi. Wanaosema mfasiri hana ruhusa ya kupunguza hata neno, nawauliza makala ya 7,400 wangeipeleka wapi.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tunatarajia kuandaa istilahi za pamoja za elimu, na huenda semina moja ikiwa fedha zitaruhusu. Kwa sasa haziruhusu. Wanachama 24 wanadaiwa, na majina yao yamebandikwa mlangoni. Mhazini atakuwepo hapa hadi saa kumi.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti