Barua kuhusu salamu za kumuaga mzee wetu wa masijala

Rafiki yangu mpendwa,

Natumaini u mzima pamoja na wote nyumbani. Rasimu ya salamu utakazomsomea mzee wetu wa masijala nimeipata na kuisoma mara mbili. Kwa kuwa uliniomba nisikufiche kitu, nakuambia kwamba nilipoliziba jina lake kwa kidole sikuweza kutambua anayesifiwa ni nani. Kusema "mchapakazi, mwadilifu na nguzo ya ofisi" kungemfaa dereva, mhasibu na hata mkurugenzi. Hakuna sentensi ambayo mtu aliyefanya naye kazi angeisikia na kusema, "Naam, huyo ndiye."

Lililonisumbua zaidi ni kwamba salamu hizo zinasomeka kama tanzia. Umeandika kuwa "ameacha pengo lisilozibika" na kwamba "tutamkumbuka daima", na karibu kila kitenzi umekitanguliza kwa "alikuwa". Maneno hayo tumezoea kuyasikia msibani, na yeye atakuwa ameketi mbele yako, mzima wa afya, akikutazama. Mgeukie useme naye mwenyewe: badala ya "alikuwa akitufundisha" sema "umetufundisha", na badala ya "alipenda utaratibu" sema "unapenda utaratibu". Mabadiliko hayo madogo peke yake yataondoa nusu ya huzuni iliyomo, kabla hujaongeza neno lolote la kuchangamsha.

Kuhusu mchango wake, usiwaulize wenzako wanamkumbuka vipi, kwa sababu watakurudishia sifa zile zile. Waulize ni jambo gani lililokuwa likiwasumbua, kisha likakoma kwa sababu yake. Mimi ningejibu mara moja kwamba ni kupotea kwa majalada. Utakumbuka kwamba miaka yetu ya mwanzo mtu alichukua jalada rafuni bila kuandika popote, nasi tukalitafuta wiki nzima chumba kwa chumba. Ni yeye aliyeanzisha ile kadi inayowekwa rafuni mahali jalada lilipotoka, yenye jina la aliyelichukua, tarehe ya kulichukua na tarehe ya kulirudisha, na ni yeye aliyepita kila Ijumaa kuyadai yaliyochelewa. Basi ile sentensi ya "mtu wa utaratibu" ningeiandika hivi:

"Kabla hujatuletea kadi zako, jalada likitoka rafuni lilikuwa limeaga. Leo kila pengo rafuni lina jina na tarehe, na sote tunajua kwamba Ijumaa utasimama kando ya meza zetu, kimya, mpaka jalada lijitokeze lenyewe chini ya rundo la karatasi."

Naamini watu watacheka hapo, lakini wanaochekwa ni sisi tuliochelewesha majalada, naye anabaki mshindi. Ndiyo maana nakusihi uuondoe mzaha wa miwani anayoisahau na ule wa kwamba sasa atalala mpaka mchana. Mzaha wa umri na mwili humfanya mtu atabasamu kwa adabu tu, na hatujui kama anastaafu kwa furaha au kwa sababu muda umefika. Kipimo changu ni kama kisa hicho yeye mwenyewe hukisimulia. Kisa cha Ijumaa amekisimulia mbele yangu zaidi ya mara moja, tena akicheka kuliko wasikilizaji.

Kuna sehemu moja ambayo lazima uirekebishe. Umeandika kwamba paa lilipovuja aliyaokoa majalada yote peke yake. Nilikuwapo: alikuwa na makarani wawili waliotandaza karatasi pamoja naye hadi usiku, na wote wawili watakuwamo ukumbini. Ukiwataja hutampunguzia lolote, bali ukiwaruka ataona haya kwa niaba yako. Mwaka wenyewe usiuweke mpaka umeuliza masijala, kwani kumbukumbu zangu na zako hazilingani.

Visa hivyo viwili vinatosha. Orodha ya vyeo vyake iondoe yote, kwa kuwa mwenye kuongoza shughuli ataisoma kabla yako. Ukimaliza kuandika, soma kwa sauti ukiwa na saa mkononi. Ikizidi dakika nne, punguza maneno ya utangulizi, usiguse visa.

Mwisho wa salamu ndio uliobaki dhaifu, na hapa nina ombi. Chukua kadi moja tupu katika zile zake, uandike jina lake mahali pa jina la jalada, na mahali pa aliyeazima uandike "familia yake". Umkabidhi mbele ya watu wote baada ya sentensi ya mwisho, na mahali pa tarehe ya kurudisha pabaki wazi, ajaze mwenyewe siku atakayotaka kututembelea.

Nitumie rasimu mpya kabla hujaipiga chapa.

Wako,
Rafiki yako wa siku zote