Kabla hujasema PS4 ya kibandani ni mbovu

Wiki iliyopita kaka mmoja mwenye kibanda cha gemu Igoma alituletea dukani PS4 mbili, amekasirika. Alinunua kwingine baada ya kuona bei yetu iko juu. Sasa mashine hazifungui gemu, na aliona tunamwibia tulipomtoza pesa ya kupima.

Tulimwashia mbele yake. Kila gemu ilikuwa na alama ya kufuli. Mashine zilikuwa nzima kabisa, isipokuwa gemu zote zilinunuliwa kwa akaunti moja, na akaunti ilikuwa ya muuzaji.

Akaunti huwekwa kwenye PS4 moja tu kama mashine kuu, kwa kubonyeza `Activate as Your Primary PS4`. Hiyo hucheza hata bila intaneti. Ya pili inataka akaunti ileile iwe imeingia na mtandao uwepo. Ndiyo maana bando lilipokata Jumamosi jioni, watoto wamejaa kwenye benchi, ya pili ilijifunga. Siku chache baadaye muuzaji akaiondoa akaunti kwenye mashine zote, nayo ya kwanza ikajifunga. Laki aliyookoa wakati wa kununua iliishia kwenye kununua sidii za gemu, na wikiendi mbili hakuingiza kitu.

Akauliza kuhusu waranti ya kiwandani. Hapa ndipo wengi wanaumia. Waranti ya Sony kwa PS4 inasema wazi kuwa haifanyi kazi mashine ikitumika kibiashara, kukodisha kukiwemo. Masharti ya programu zake nayo yanaruhusu matumizi binafsi, yasiyo ya biashara. Bei ya gemu imepangwa kwa mtu anayecheza sebuleni kwake. Unalipia ruhusa ya kucheza, gemu yenyewe inabaki mali ya kampuni yenye gemu. Kwa hiyo sidii inakuondolea shida ya kufuli, lakini haikupi ruhusa ya kutoza watu. Ruhusa hiyo anaitoa mwenye gemu, kwa maandishi. Kwa kompyuta njia ipo: kampuni ya Valve, yenye duka la gemu za kompyuta la Steam, ina mpango wa Steam kwa ajili ya vibanda vya kulipia.

Ukienda kwa muuzaji yeyote, hata kwetu, mwambie kwanza kuwa mashine ni ya kibanda. Muulize akaunti imefunguliwa kwa barua pepe ya nani, na nani ana nywila. Mwambie aondoe waya wa intaneti au azime Wi-Fi, kisha afungue gemu tatu ukiangalia. Halafu muulize: ikiharibika kibandani, nani anatengeneza, na je, ataandika neno "biashara" kwenye risiti?

Sisi tunaliandika. Miezi mitatu ya matengenezo tunaibeba wenyewe, maana kiwanda hakitaibeba, na akaunti tunafungua kwa barua pepe yako ukiwa umekaa hapo. Bei yetu imebeba hayo. Yule kaka tulimfungulia akaunti mbili mpya, kila mashine na yake, na pesa ya kupima tukaikata kwenye kazi hiyo.