Malalamiko kuhusu miwa iliyochelewa kukatwa na riba niliyotozwa kwa ucheleweshaji huo

Kwa Meneja wa Kilimo,
Kiwanda cha Sukari.

Bwana Meneja,

KUH: STETIMENTI YA EKARI ZANGU MBILI

Mimi ni mkulima wa miwa katika kaunti ya Kakamega, na nina mkataba nanyi. Wiki iliyopita nilipokea stetimenti ya malipo ya miwa iliyokaa shambani miezi 26. Chini kabisa, baada ya makato yote, nimebakiziwa shilingi 3,150. Ndiyo malipo ya zaidi ya miaka miwili.

Kabla sijalalamika, niseme mazuri ya mkataba, kwa sababu yapo na niliyaona. Nilipojiunga nanyi sikuwa na pesa ya kulimia wala benki iliyotaka kunikopesha. Nyinyi mlileta trekta, mbegu na mbolea bila kunidai hata senti moja mkononi. Miwa yangu ya kwanza, kwenye kipande kingine, mliikata kwa wakati, na pesa ile ililipa karo ya mwaka mzima na kuezeka nyumba mabati. Jirani yangu aliyebaki na mahindi hajawahi kushika pesa kama hiyo kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo atakayeniambia kilimo cha mkataba ni hasara tupu, nitambishia.

Shida ni kwamba faida ile yote hutegemea siku mtakayoamua kuja, na siku hiyo haimo ndani ya mkataba.

Mkataba wenu unasema miwa ya kupanda itakuwa tayari kwa miezi 18. Mwezi wa 18 ulipofika nilikuja ofisini, nikaambiwa nisubiri zamu. Nikarudi mwezi wa 20, wa 22 na wa 24. Wakati huo miwa ilikuwa imeshatoa maua, nayo ikitoa maua haikui tena. Mingine ilianguka na kuanza kuchipua vijitawi kwenye vifundo. Mwezi wa 25 nilivunja mmoja gotini: katikati ulikuwa mweupe na mkavu kama sufi. Mjukuu wangu alitafuna kipande akakitema. Hapo sikuhitaji afisa wa nyanjani kunieleza kinachoendelea.

Mwezi wa 26 wakataji walikuja, wakamaliza kwa siku mbili. Kisha miwa ikalala chini siku sita ikingoja trekta. Nyinyi mnajua kuliko mimi kwamba muwa ukishakatwa hukauka kila saa, na sukari iliyomo huanza kuvunjika. Ndiyo maana yeyote mwenye kiwanda hutaka usagwe upesi. Mimi nalipwa kwa uzito, kwa hiyo kila siku ya jua ilikuwa inanikata kilo. Siku ya saba trekta ilikuja baada ya mvua, ikapita juu ya mashina yaliyokuwa yameanza kuchipua.

Sasa tuje kwenye hesabu. Kwenye mizani yenu miwa yangu ilikuwa tani 41, kwa shilingi 4,500 kila tani, yaani 184,500. Mkakata 24,000 za kulima na kupiga mifereji, 36,000 za mbegu na 40,000 za mbolea. Huo ni mkopo wa 100,000. Ukataji ulikuwa 18,450 na usafirishaji 36,900. Halafu ikaja riba ya asilimia moja kwa mwezi kwa miezi yote 26, shilingi 26,000.

Afisa wenu alipokagua shamba mwezi wa 17 aliandika makisio ya tani 52. Nakala ninayo. Kama mngekata mwezi wa 18, tani 52 zingeleta 234,000. Ondoa mkopo wa 100,000, riba ya miezi 18 ambayo ni 18,000, na ukataji na usafiri 70,200. Ningebaki na 45,800. Miezi minane ya kusubiri imeninyang'anya shilingi 42,650, na 8,000 kati ya hizo ni riba niliyotozwa kwa muda ambao nyinyi ndio mliochelewa. Nimeisoma stetimenti mara nyingi na sijaona haki ya fungu hilo.

Mtaniuliza kwa nini sikuwauzia wengine. Mkataba unanikataza, na nikifanya hivyo naitwa mwizi wa miwa na mkopo unadaiwa wote mara moja. Lakini nimetafuta kifungu kinachosema kiwanda kitalipa nini kikichelewa, sikukipata. Mimi nikikosea kuna adhabu, nyinyi mkikosea kuna zamu. Mkataba pia unafunga shamba langu kwa mavuno matatu, lile la kupanda na mawili ya chipukizi. Hata mambo yakienda vizuri, hiyo ni zaidi ya miaka minne ambayo siwezi kupanda mahindi hapo. Hati ya shamba ni yangu, lakini siku ya kupanda, ya kuvuna na ya kulipwa zote ziko ofisini kwenu. Ukame ukija ni wangu, moto ukizuka ni wangu.

Naelewa kwamba mashine za kiwanda huharibika. Ila wakati wa mapatano maafisa wenu walisajili mashamba mengi, na miwa ikiwa mingi kuliko uwezo wa kusaga, foleni inakuwa mashambani kwetu, na gharama ya foleni hiyo tunaibeba sisi. Miwa ikiwa haba mambo hugeuka. Mwaka 2023 viwanda viligombania miwa michanga hadi serikali ikasimamisha usagaji kwa miezi kadhaa ili ikomae. Siku hizo trekta hazikuwa zinachelewa. Basi inawezekana kufika kwa wakati.

Tena tulio huku tunakumbuka Mumias. Kiwanda kile kilianza kusaga mwaka 1973, kikalea vijiji vizima, kisha mwaka 2019 kikawekwa chini ya mrasimu. Wakulima waliokuwa wametegemea mnunuzi mmoja walibaki na miwa shambani na madeni ya miaka. Ndiyo sababu siwezi kukaa kimya na stetimenti ya 3,150.

Naomba mnirudishie riba ya miezi minane, shilingi 8,000, kwa sababu hiyo haina ubishi. Kwa tani 11 zilizopotea, naomba afisa aje shambani na makisio yake mkononi tuzungumze juu ya fidia. Aje pia aone mashina yaliyokanyagwa na trekta, kwa sababu mistari minne haijachipua na nyinyi mtanitarajia nitoe chipukizi humo humo. Kama hamtanipa miche ya kujazia bila kunikopesha, naomba ekari hizo zifunguliwe kutoka mkatabani.

Na kabla sijatia sahihi tena, nataka mkataba ulioandikwa kwa Kiswahili, wenye kifungu kwamba riba inasimama miwa ikipita miezi 18 bila kukatwa, na kwamba baada ya miezi 20 nina ruhusa ya kumuuzia mwingine na kuwalipa mkopo wenu kutoka kwenye pesa hiyo. Siku ya kupima, mwakilishi wa wakulima asimame kwenye mizani.

Nimeambatisha nakala ya stetimenti, makisio ya afisa na tikiti za mizani. Nitakuja ofisini Jumatatu ijayo saa tatu asubuhi kupokea jibu.

Wako mwaminifu,
Mkulima wa miwa, Kakamega