Risala ya Umoja wa Wahitimu kwa Mgeni Rasmi, Moshi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi,

Karibu sana Moshi. Umoja wetu umeanzisha mfuko wa kumlipia mwanafunzi mmoja wa shule hii gharama za chuo, shilingi milioni 3 kwa mwaka, daima dumu. Hadi leo asubuhi tumefikisha milioni 30. Ndani yake imo laki moja ya bibi mmoja wa Kibosho, aliyeifungua kwenye pindo la kanga akasema ni ya kahawa.

Tulidhani tumemaliza. Tukiweka fedha hizo kwenye hati fungani za serikali, na tukikadiria riba ya asilimia 10, hesabu ni kugawanya malipo ya mwaka kwa riba: milioni 3 kwa 0.10, sawa na milioni 30. Hiyo ndiyo thamani ya sasa ya malipo yasiyo na mwisho. Maziwa tunakamua, ng'ombe anabaki zizini.

Mwalimu wa hisabati alisimama ubaoni akauliza swali moja: ada itabaki milioni 3 milele? Tukikadiria inapanda asilimia 4 kila mwaka, mwaka wa pili inadaiwa 3,120,000, na riba yetu ni milioni 3 ileile. Hizo 120,000 zinamegwa kwenye mtaji. Mwaka unaofuata riba inapungua, ada inazidi kupanda. Alitupigia hesabu hadi mwisho: mwaka wa 17 ada itakuwa zaidi ya milioni 5.6, na mfukoni, pamoja na riba, hazitafika milioni 2. Mwanafunzi huyo leo bado ni mtoto mdogo.

Dawa ni kurudisha asilimia 4 mfukoni kila mwaka, ili mtaji ukue sambamba na ada. Kati ya 10 zinabaki 6 za kulipia. Basi milioni 3 kwa 0.06 ni milioni 50. Mwaka wa kwanza mtaji huo unazaa milioni 5, tunalipa 3, zinabaki 52. Mwaka wa pili unazaa milioni 5.2, tunalipa 3.12, zinabaki 54.08. Malipo ya kwanza yanafanyika mwaka mmoja baada ya kuweka fedha, si siku hiyohiyo.

Hatukufichi udhaifu wa hesabu hii. Hati fungani huiva, na fedha zikiwekwa upya riba inaweza kuwa pungufu. Ikishuka hadi asilimia 8, pengo linabaki 4, na mtaji unaohitajika unaruka hadi milioni 75. Ada ikipanda kwa kasi sawa na riba au kuizidi, hakuna mtaji utakaotosha. Ndiyo maana kamati itapima upya viwango hivi viwili kila mwaka kabla ya kutangaza jina la mfadhiliwa.

Mheshimiwa, tumepungukiwa milioni 20. Tunakuomba utuongoze katika harambee ya leo kuzitafuta.

Tunaomba kuwasilisha.