Maandishi ya Kiyoruba yaliyochapishwa bila alama zake

Ndugu Mhariri,

Makala mliyochapisha hivi karibuni kuhusu imani za jadi za Wayoruba wa kusini-magharibi mwa Nijeria yameandikwa kwa uangalifu mkubwa, lakini majina na sentensi zote za Kiyoruba zilizomo zimetoka bila nukta za chini na bila alama za toni, yaani za kupanda na kushuka kwa sauti. Naomba nafasi nieleze ni wapi upungufu huo unavumilika na ni wapi unabadili maana.

Kiyoruba kina toni tatu. Toni ya juu huandikwa kwa kistari kinachoinukia kulia, kama á. Toni ya chini kwa kistari kinachoshukia kulia, kama à. Na toni ya kati kwa kawaida haiwekewi alama yoyote. Kwa sababu hiyo, irabu tupu nayo inasomwa, na inasomwa kuwa ni ya kati, hivyo anayefuta alama huwa ameandika toni nyingine bila kukusudia. Nukta ya chini ina kazi yake tofauti: ẹ na ọ ni irabu nyingine kabisa, zinazotamkwa kwa mdomo uliofunguka zaidi kuliko e na o, na ṣ hutamkwa kama sh yetu.

Chukueni maneno haya yaliyovuliwa alama zote: O n wa oko. Yakiandikwa Ó ń wa ọkọ̀, maana yake ni kwamba mtu anaendesha gari. Ó ń wá ọkọ ni anatafuta mume, Ó ń wá ọkọ́ ni anatafuta jembe, na Ó ń wá oko ni anatafuta shamba. Nukta za chini zikirudishwa peke yake, shamba linaondoka katika orodha, lakini gari, mume na jembe vinabaki palepale. Ni kweli kwamba muktadha husaidia, na Wayoruba wenyewe huandikiana ujumbe wa simu bila alama na wakaelewana, kwa kuwa sentensi inayofuata ikitaja mafuta au breki, hakuna atakayefikiria mume.

Muktadha huo, hata hivyo, hauokoi kila kitu. Lile neno la kwanza, ó lenye toni ya juu, ni yeye. Likikosa toni ya juu, ni wewe. Sisi tuna u- na a- mwanzoni mwa kitenzi, kwa hiyo unatafuta na anatafuta hazichanganyiki, ilhali kitenzi cha Kiyoruba hakibadiliki kufuata nafsi, na tofauti yote imebebwa na kistari kimoja. Katika mazungumzo yaliyonukuliwa, ambamo wewe na yeye wote wawili wanawezekana, msomaji hana pa kushika.

Majina ni magumu zaidi, na hapa ndipo makala yenu yalipoteleza. Aya moja inataja "sherehe za Ogun". Ògún ni mungu wa chuma na vita. Ògùn ni mto, na pia jimbo lililopewa jina la mto huo, ambalo makao yake makuu ni Abẹ́òkúta. Tena ogun ni vita, na ogún ni ishirini. Kwa jinsi aya ilivyochapishwa, sherehe hizo zinaweza kuwa za mungu au za jimbo, na aya hiyo inaeleza mahali na ibada kwa pamoja, hivyo tafsiri zote mbili zinasimama. Sisi tumezoea kutofautisha barabara ya kupita na barabara ya "sawasawa" kwa mkazo usioandikwa, na pengine ndiyo maana alama hizi zilionekana kuwa ni vumbi la kupanguswa.

Inawezekana pia kwamba alama za toni hazikufutwa na mwandishi. Katika Yunikodi, mfumo wa kompyuta wa misimbo ya herufi, ẹ, ọ na ṣ zina msimbo wake kila moja, lakini ẹ́ na ọ̀ hazina. Kistari huongezwa kama herufi ya pili inayokaa juu ya ya kwanza. Fonti isiyoijua herufi hiyo hukisogeza kistari pembeni au huweka kisanduku kitupu, na msanifu kurasa anayetaka ukurasa safi hukiondoa. Matokeo yake ni maandishi yasiyo na toni, na nukta zikibaki huonekana kamili. Dalili yake ni moja: sentensi ya Kiyoruba yenye maneno kadhaa isiyo na kistari hata kimoja karibu hakika imepoteza toni zake.

Majina ya watu yanaweza kubaki jinsi wenyewe wanavyoyaandika. Sentensi zinazonukuliwa zinastahili alama zote, na zikishindikana, basi tafsiri ya Kiswahili iwekwe kando ya kila sentensi. Kwa aya ile ya sherehe, naomba toleo lijalo liseme waziwazi kama mwandishi alikusudia Ògún au Ògùn.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam