Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano wa Mwaka, na Karibu kwa Wanachama Wapya

Ndugu wanachama, asalaam aleikum na habari za asubuhi.

Mzunguko wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa umefungwa. Watu 25 tulinunua hisa 4,000 za shilingi 2,000, yaani milioni 8. Riba na faini zimeleta 1,200,000. Ukigawa 9,200,000 kwa hisa 4,000, kila hisa leo ni 2,300. Mwenye hisa 160 aliweka 320,000, anaondoka na 368,000. Mfuko wa jamii haumo humo, unavuka kwenda mzunguko mpya.

Wageni wetu watano mliokaa mkeka wa mbele, karibuni. Sasa tumetimia 30, hatuongezi mwingine. Najua wawili wenu mliomba kuingia tangu Januari tukawakatalia, na maneno yalisemwa. Hesabu ilikuwa hivi: Januari kulikuwa na hisa 3,000 na thamani ya 6,450,000, kila hisa 2,150. Mtu akija na 200,000 akapewa hisa 100 kwa bei ya 2,000, siku hiyohiyo zinakuwa na thamani ya karibu 214,500. Hiyo 14,500 imetoka kwenye hisa za wenzake. Ndiyo maana mlango hufunguliwa baada ya mgao, wote tukianza na sifuri.

Kila wiki mtanunua hisa moja hadi tano. Kila hisa ni muhuri mmoja kwenye kitabu chako, na nafasi zilizobaki katika mstari wa wiki hiyo zinapigwa kalamu hapohapo, mbele yako. Usikubali kuondoka zikiwa wazi, maana muhuri wa kuchomekea baadaye huingia hapo. Sanduku lina kufuli tatu, na wenye funguo si viongozi. Kabla halijafungwa, bakaa inatajwa kwa sauti. Ikaririni, wiki ijayo tutamuuliza yeyote.

Mkopo hauzidi mara tatu ya akiba yako, na unarudi ndani ya miezi mitatu. Hapa ndipo tuliposumbuka mwaka huu. Wanachama watatu walikopa Agosti wakitegemea korosho. Novemba ikafika, mzigo wao uko ghala la AMCOS lakini haujapata mnada. Risiti ya ghala si pesa, jamani. Walichelewa, na waliopanga kukopa Desemba wakakuta sanduku jepesi. Deni la mmoja halikuisha hadi leo, tumelikata kwenye hisa zake kabla ya kumpa mgao. Anayetegemea korosho akope kiasi ambacho biashara yake nyingine, hata ya samaki wakavu, inaweza kukilipa mnada ukichelewa.

Mzunguko huu mpya mikopo yote irudi wiki nne kabla ya mgao. Mgao ubaki Mei, kabla ya kupulizia mikorosho, kama mlivyopiga kura.

Mtunza kumbukumbu anaanza kuita namba. Wageni mtaitwa baada ya namba 25, kuchukua vitabu.