Fremu 120 za kwenye tangazo, fremu 30 za kweli

Mteja akituonyesha chati ya kadi ya grafiki, sisi huanza na yale maandishi madogo chini ya chati. Ndiko siri inakokaa.

Chukua RTX 5070. Januari 2025, kwenye maonyesho ya CES, NVIDIA ilitangaza kwamba kadi hiyo ingetoa utendaji wa RTX 4090, iliyokuwa kinara wa kizazi kilichotangulia. Kilichobeba madai hayo ni DLSS 4. Kwa kila fremu moja ambayo kadi imeichora yenyewe, programu hiyo inaweza kubuni hadi tatu za kujazia. RTX 4090 hubuni moja tu. Kwa hiyo zote mbili zikiandika fremu 120 kwa sekunde, 5070 imechora 30 na 4090 imechora 60. Kwenye chati wametoshana nguvu!

Tofauti utaihisi mkononi. Gemu hujibu kipanya chako kwenye fremu zilizochorwa kweli, na fremu 30 kwa sekunde maana yake ni pengo la milisekunde 33 hivi kati ya moja na nyingine. Kwa fremu 60 ni kama 17. Isitoshe, ili kubuni picha za katikati, kadi lazima iizuie kidogo fremu mpya isiende kwenye skrini, kwa hiyo ucheleweshaji unaongezeka. Picha inateleza vizuri, lakini kulenga shabaha kunakuwa kuzito. Hatusemi teknolojia hii ni utapeli. Ukiwa tayari na fremu 60 hivi za kweli, inapendeza. Isipopendeza ni pale inapotumika kuficha kwamba huna.

Basi tafuta kipimo ambacho ubunifu wa fremu umezimwa pande zote mbili, kwa gemu unayocheza na rezolusheni ya skrini yako. Kisha usiishie kwenye wastani. Angalia mstari ulioandikwa 1% low, unaoonyesha hali ilivyo kwenye zile fremu zilizochelewa kuliko zote. Kadi yenye wastani wa 70 na 1% low ya 25 itakuwa ikikwamakwama, na ile ya wastani wa 62 na 1% low ya 50 itatulia. Sisi tungechukua hiyo ya pili bila kusita.

Pengo kubwa namna hiyo mara nyingi husababishwa na kumbukumbu ya kadi kujaa. 5070 ina GB 12, 4090 ina GB 24, na hakuna fremu ya kubuni inayoziba hilo. Kulijua ni rahisi: shusha ubora wa tekscha hatua moja. Kukwama kukiisha ilhali wastani haujabadilika sana, kumbukumbu ndiyo ilikuwa imejaa.

Ukitaka tukusaidie kuchagua, tutumie majina ya gemu mbili tatu unazocheza, rezolusheni ya skrini yako na aina ya prosesa uliyonayo.